Kile kipimo cha chumvi tulichozungumza kwenye usaili Jumanne

Mama Meneja, shikamoo.

Habari za kazi. Mimi ni Neema, niliyesailiwa Jumanne kwa nafasi ya afisa mradi wa hifadhi ya mazao. Asante kwa muda wenu, na kwa chai pia.

Yule mzee aliyekaa kulia kwako aliuliza mkulima wa Kongwa atajuaje mahindi yamekauka wakati hana mashine ya kupima unyevu. Nikagusia chumvi, muda ukaisha. Ukaniambia nikipata maelezo niwatumie, basi ndiyo haya.

Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika nzima, uiache kama robo saa. Chumvi iking'ang'ania ubavuni mwa chupa, mahindi bado mabichi. Ikishuka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Chumvi yenyewe ianikwe juani kwanza, maana ikiwa na majimaji itakudanganya.

Hapa ndipo ningependa mradi uwe mwangalifu. Mifuko ya kinga njaa inataka mahindi yaliyokauka zaidi ya hapo, unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa hiyo mahindi yakishafaulu mtihani wa chumvi, mimi ningemwambia mkulima ayarudishe kwenye turubai siku nyingine mbili za jua kali kabla ya kufunga. Mfuko unaua dumuzi kwa kuwanyima hewa, haukaushi kitu. Ukifungia ndani mahindi mabichi yanavunda, halafu lawama anapewa aliyeuza mfuko. Kung'ata punje, kama wanavyofanya wanunuzi pale Kibaigwa, kunasaidia mzoefu tu.

Nimeambatisha vitu viwili. Cha kwanza ni ukurasa mmoja wa hatua hizo kwa Kiswahili chepesi, nimeuandika mwenyewe, muutumie mpendavyo hata kama nafasi nitakosa. Cha pili ni makala kuhusu mlipuko wa sumukuvu wa 2016 hapa Dodoma na Manyara, uliotokana na mahindi. Ni ya kitaalamu na ina maneno magumu, ila inafaa kwa yeyote atakayeandaa mafunzo. Wakulima waambiwe wazi pia kwamba sumukuvu inaweza kuanzia shambani kwenye ukame, na ikishaingia kwenye punje, mfuko hauiondoi.

Nanenane imekaribia. Kama mtakuwa na banda Nzuguni, chupa mbili mezani, moja ya mahindi makavu na nyingine ya mabichi, zitavuta watu kuliko bango. Niko Area D, nikiitwa nakuja kuwaonyesha vijana wenu namna ya kuziandaa, iwe majibu ya usaili yametoka au bado.

Msalimie yule mzee.

Wako mtiifu,
Neema