Usiniambie niache soko

Mwanangu, jana simu ilizima chaji kabla sijakujibu,
kwaiyo nakutumia voisi, sikiliza ukiamka,
saa hizi ni saa tisa na nusu usiku nipo Ilala sokoni nimekalia ndoo nimejifunga kanga mbili kwa baridi
na Fuso la Iringa bado halijafika.

Ulisema mama sasa basi.
Ulisema njoo ukae kwangu Goba, chumba kipo, tivii ipo, binti wa kukupikia yupo, miguu yako imeshavimba mama unang'ang'ania nini.
Mi nikanyamaza, afu simu ikazima, na najua umelala ukijua nimekubali.
Sijakubali.

We unaliona soko kama gunia nililobebeshwa kichwani, saa yoyote atatokea mtu mwenye huruma anitue.
Nani kanibebesha?
Nilikuja mwenyewe hapa, mwaka wa Elnino, mvua haikati, barabara zimekatika, nyanya hazipiti,
tenga moja bei yake ilikuwa kama kodi ya chumba cha miezi mitatu,
na mi nina elfu mbili na mia tatu kwenye pindo la kanga na wewe mgongoni una miezi saba unatafuna uzi wa blauzi yangu.
Baba yako alikuwa ameondoka kutafuta kazi, akapata kazi, hakurudi, hayo tuliyamaliza siku nyingi.

Sikuweza tenga. Sikuweza hata nusu tenga.
Nikakaa pembeni naangalia wanawake wanavofungua mzigo, zile nzima wanapanga mezani, zile zilizopasuka wanarusha kwenye karai,
nikamwuliza mmoja, dada hizo mnazipeleka wapi, akasema hizo masalo, anayetaka anachukua karai kwa mia tano,
nikatoa mia tano.

Nikakaa chini pale pale kwenye tope, nina kisu cha mpini wa plastiki uliovunjika,
nikawa nakata, upande uliooza natupa, upande mzima nafuta na kanga, naweka kwenye gunia,
vipande, mwanangu, sio nyanya, vipande,
fungu shilingi hamsini.
Wakaja mama lishe wawili, wakaja wa chipsi, hawa wanasaga hawa wanapika, umbo la nyanya linawahusu nini,
mpaka saa sita mchana gunia jeupe, nina elfu moja na mia nne mkononi.
Nilizihesabu mara nne. We ulikuwa umelala, una mbegu ya nyanya kwenye nyusi.

Hilo ndo jina walilonipa, Mama Masalo,
na mpaka leo nauza tenga zima, tena grade ya kwanza, bado naitwa hivo,
kuli anapita anapiga kelele maji ya moto, maji ya moto, akinifikia mimi anashusha sauti, pisha kidogo Mama Masalo,
mzee wa ushuru anakuja na mashine yake ya risiti ananiita hivo,
kijumbe wa mchezo kaniandika hivo kwenye daftari, na kwenye simu yake pia, nimeona.

Najua jina hili lilikuuma.
Hujawahi kunikumbusha na mi sijawahi kukukumbusha lakini tuseme leo maana giza hili hatuonani.
Ulikuwa darasa la tano, ukarudi hujala, ukajifungia chooni uani, nikagonga, ukasema mama usipitie tena shuleni kwetu,
wenzako walikuwa wamenusa daftari lako, wakasema linanuka nyanya, wakakuita Masalo mpaka kengele ya kutoka.
Sikukupiga, sikukusema.
Usiku ule nilifua sweta lako kwa limao na sabuni ya mche, nikalifua tena, nikalianika juu ya jiko la mkaa nikakaa nalishika mkono mmoja mkono mwingine lisiungue,
na madaftari nikayatandaza kitandani nikayapepea na ungo.
Alfajiri nikayanusa, bado.
Ile harufu haiko kwenye daftari, iko kwenye vidole vyangu, nilikuwa naiweka upya kila nikifunua ukurasa.

Toka siku ile nikawa nasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli,
nakuangalia unatoka geti, ukishapanda daladala na mi naondoka.
Miaka miwili. Hukujua.
Sikulaumu mama, hata kidogo, ulikuwa mtoto na watoto wanataka kufanana na wenzao.
Nakwambia ili ujue kwamba sikuwa najificha kwa aibu ya kazi yangu, nilijificha kwa ajili yako tu, kazi yangu nilikuwa naipenda hata nikiwa nyuma ya kibanda.

Maana kuna kitu hapa, sijui nikuelezeje.
Tenga linashushwa, limepambwa juu nyanya nyekundu zinang'aa kama zimepakwa mafuta, dalali anasifia, mama hii ya Ilula hii, mzigo wa jana jioni,
na mi siangalii juu. Juu kila mtu anapamba.
Napiga magoti nashika kona ya chini ya ubao, kwa kiganja, taratibu,
ikiwa imelowa, hata unyevu kidogo tu, najua huko chini zimeshapasuka, zimesafiri zinasagana kutoka Kitonga kote mpaka Mikumi mpaka Chalinze, juu pambo chini uji,
ikiwa kavu nalipia.
Hakuna aliyenifundisha hilo, nimelilipia mimi, kwa tenga la mkopo, mwaka ule ulipotaka kuingia fom wani,
nilifungua nikakuta nusu nzima ni uji, na ule mkopo ulikuwa wa kausha damu, marejesho kila siku,
nikakaa nikakata tena vipande kama siku ya kwanza, nikauza masalo yangu mwenyewe siku tatu,
na viatu vyako vyeusi nikanunua, ulivaa, vilikubana ukanyamaza, niliona unavotembea.

Afu kuna vidole.
Nikishika nyanya nasikia kwenye kikonyo, hii ya leo, hii ya kesho kutwa, hii mpe mwenye friji, hii mpe anayepika saa hii hii,
mteja akija namwuliza unapika lini, wanashangaa, wengine wanadhani umbea,
namwuliza ili nisimpe ya leo akaiweka mpaka Ijumaa ikamwozea akasema Mama Masalo kaniuzia mbovu.
Fungu langu ni tatu chini moja juu, na ile ya juu siweki nzuri kuliko za chini, zote sawa, geuza uone,
wakati wa kiangazi zinashuka bei nakupa sita kwa buku hiyo hiyo na nyongeza,
masika nakupa tatu na roho inaniuma, lakini siwezi kukudanganya kwa kuficha ndogo katikati.

Goba ntashika nini kwa vidole hivi? Rimoti?

Usinielewe vibaya.
Nyumba yako nzuri, nilivokuja Idi nilizunguka vyumba vyote nikagusa kuta, nilikuwa nasema moyoni hili tofali la sado ngapi, hili la sado ngapi, najua umejenga kwa mshahara wako lakini mshahara una mama yake.
Siku ile majirani zako walikuja, ukasema huyu ni mama yangu, mmoja akauliza mama unajishughulisha na nini,
we ukawahi kujibu, amepumzika tu.
Mwanangu.
Nilikuwa nimeamka saa nane usiku siku mbili kabla ya hapo kununua tenga nne za sikukuu na zote ziliisha kabla ya saa tano, nani kapumzika?
Nilitabasamu nikanywa juisi. Lile neno nimekaa nalo toka Idi mpaka leo.

Hapa mtu akinikosa siku moja simu inaita.
Mwezi wa pili nilivoumwa malaria, wa bamia kaja na uji, wa vitunguu kafungua meza yangu kaniuzia, kaniletea hela kamili kwenye mfuko, na zile nyanya tano zilizooza kaziandika kwenye karatasi, tano,
kijumbe kanisogeza mbele kwenye mchezo nipokee mapema ninunue dawa.
Ule usiku soko kubwa la Kariakoo linaungua, mwaka 2021, Julai, tulikimbia kutoka hapa, moshi unauona tu juu ya mabati,
rafiki yangu alikuwa na mzigo ndani wa nafaka, tulimshika asiingie, wanne tulimshika, alikuwa na nguvu kama mwanaume,
na wiki iliyofuata tulichanga, nani elfu tano nani buku, tukampa debe la kwanza la maharage aanze nalo chini, kwenye turubai.
Leo ana meza.
Na mimi pale nilikuwa mmoja wa waliochanga, sio mmoja wa waliohurumiwa, unaona tofauti yake?

Miguu inavimba, ndio.
Nimeshaongea na kijana wa mkokoteni awe ananifikishia mzigo mpaka mezani, sibebi tena, hilo nakuahidi,
na stuli nimenunua ya kukalia, ya plastiki, nyekundu,
na Jumapili sitafungua, Jumapili ntakuja Goba kuanzia asubuhi mpaka jioni, ntakuja na sado langu, ntapika mimi, huyo binti apumzike yeye.
Na jirani akiuliza tena niachie nijibu.
Au jibu wewe, lakini sema mama anauza nyanya Ilala, toka nipo mgongoni.
Ukishindwa hiyo ya mgongoni sema hiyo ya kwanza tu, inatosha.

Subiri, naona taa.
Ndo lenyewe, linaingia kwa nyuma nyuma, kuli washaanza kuparamia, eeh yarabi vijana hawa wataanguka,
dalali ananiita, Mama Masalo za kwako hizi, nimekuwekea pembeni kama ulivosema,
shikilia hapo usikate, sijui voisi hii inafika dakika ngapi,
naweka simu kwenye ndoo ngoja nipige magoti,
hii ya kwanza, kona hii,
kavu.
Hii ya pili
kavu, kavu kabisa mwanangu.