Akaunti ya Mwanafunzi: Unapata Nini, Unakatwa Ngapi, Nani Anaweza Kufungua

Kama umewahi kuona karatasi yetu ya zamani, ile imeandikwa "bila gharama" kwa herufi kubwa alafu chini kabisa "vigezo na masharti kuzingatiwa", itupe. Msichana wa mwaka wa kwanza pale Maseno alikuja nayo kaunta, akauliza mbona amekatwa 230 na karatasi inasema ni bure. Alikuwa ametoa pesa mara mbili kwa ATM ya benki ingine. Makato yalikuwa sawa, karatasi ndio haikumwambia, na hiyo ni makosa yetu. Ndio maana tumeandika hii upya.

Kile ni bure kweli

Kufungua akaunti ni bure, na huhitaji kuweka kitu siku hiyo, hata ikikaa na sufuri haifungwi. Kadi ya kwanza ya ATM ni bure. Hakuna makato ya kila mwezi ukiwa bado mwanafunzi. Kuweka pesa hatukukati, iwe ni kwa kaunta ama kwa ajenti wetu Kondele, Maseno, Luanda na Bondo. Mzazi akikutumia kwa Pay Bill kutoka kwa simu, sisi hatukati kitu, lakini kampuni ya simu inaweza kumkata yeye, so aangalie makato ya mtandao wake kwanza.

Kile unakatwa

Ada zetu zinaongezwa ushuru wa serikali, na hapo ndipo watu wengi hushangaa. Hizi namba tayari ziko na ushuru ndani, yaani ndio utaona ikitoka kwa akaunti:

Kutoa kwa ATM yetu au kwa ajenti: 46
Kutoa kwa ATM ya benki ingine: 115
Kadi ikipotea upewe ingine: 575
Stetimenti yenye muhuri, kila karatasi: 115 (ya kwa imeili ni bure)

Sasa angalia hii. Uko na 2,000 ya wiki. Ukitoa 500 mara nne kwa ATM yetu umekatwa 184. Ukitoa 2,000 mara moja ni 46 tu. Na ukitoa hizo mara nne kwa ATM ya benki ingine juu iko karibu na hosteli, ni 460, hiyo ni chakula ya siku kadhaa. Makato ni kwa kila kutoa, sio kwa kiasi unatoa. Tafadhali panga hivyo.

Hii akaunti haina riba, pesa haizai ikikaa. Kama unataka kuweka akiba ya muda mrefu uliza kaunta juu ya akaunti ya akiba, hii ni ya matumizi.

Nani anaweza kufungua

Uko na miaka 18 hadi 26 na unasoma chuo kikuu, koleji ama politekniki iliyosajiliwa, hata kama ni kozi ya jioni. Kuja na kitambulisho cha taifa (orijino, picha ya simu hatuwezi kukubali), PIN ya KRA, na barua ya kujiunga au kadi ya shule. Bado hujafika 18? Mzazi ama mlezi anafungua akaunti ya mtoto kwa jina lako, alafu ukipata kitambulisho tunaigeuza, bure.

HELB

Hii akaunti sio mkopo na haikuhakikishii mkopo. Ada ya masomo HELB hulipa chuo moja kwa moja, ile ya matumizi ndio inaweza kuingia hapa. Ukijaza namba ya akaunti hakikisha majina ni sawa na ya kitambulisho, hata herufi moja ikikosea pesa inaweza kurudishwa.

Ukimaliza shule

Ukifika 27 ama ukimaliza masomo, yenye itakuja kwanza, inageuka akaunti ya kawaida na kuanza kukatwa 115 kila mwezi. Tutakutumia meseji siku 30 kabla. Kama hutaki, kuja uifunge, kufunga ni bure. Na ukikaa miezi 12 bila kuitumia inalala, hakuna faini, unakuja tu na kitambulisho tunaiamsha.

Pesa yako iko salama

Benki ikifungwa, Shirika la Bima ya Amana (KDIC) hulipa kila mteja hadi 500,000. Lakini hiyo bima hairudishi pesa ukimpatia mtu namba yako ya siri. Hatutawahi kukupigia kuuliza namba ya siri, hata anayepiga akijua jina lako na chuo chako, kata simu.

Tuko Oginga Odinga Street, Kisumu, Jumatatu hadi Ijumaa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumamosi hadi saa sita mchana. Mwanzo wa muhula laini huwa ndefu Jumatatu, kuja katikati ya wiki.