Muhtasari wa simu ya madai: moto wa duka la ushonaji, Tandika

Kwa mkadiria hasara, kabla hajaenda eneo la tukio

Simu ilipigwa Ijumaa 13 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi, ikachukua dakika 24. Aliyepiga ni mwenye bima mwenyewe. Saa ninazoandika ni za Kiswahili kama alivyozitaja. Namba za mabano ni dakika za kurekodiwa. Mazungumzo yanarukaruka kwa sababu mama alikuwa hajalala, na mara mbili alishindwa kuendelea. Nimeyapanga upya kwa saa, ila sijalainisha palipopingana.

Mfululizo wa tukio, Alhamisi 12 Juni

Saa 11 jioni: Mdai aliondoka dukani kwenda nyumbani Mbande, akamwacha kijana wake akipiga pasi sare za shule (dk. 11). Mwanzoni alisema alifunga duka mwenyewe saa 12 (dk. 3). Nilipomuuliza tena alishika kauli ya pili, akasema ya kwanza ilimtoka kwa kuchanganyikiwa.

Saa 1:52 usiku: Alinunua umeme wa LUKU kwa simu yake, akamtumia kijana tokeni. Ujumbe alinisomea: 19:52. Hii na ile ya saa 2:51 ndizo saa pekee zenye maandishi nyuma yake. Nyingine zote ni za kukisia.

Kama saa 2:05: Umeme ulikatika mtaa mzima. Kijana alifunga gizani akaondoka saa 2:15. Haya mdai kayasikia kwa kijana.

Kama saa 2:30: Umeme ulirudi, kwa maelezo ya jirani muuza chipsi.

Saa 2:45: Jirani huyo aliona moshi juu ya mlango. Alimpigia mdai saa 2:51. Mdai alisoma 20:51 kwenye orodha ya simu zake. Majirani walivunja kufuli, wakatumia mchanga na ndoo za maji.

Saa 3:20: Gari la Zimamoto lilifika. Mdai alifika kwa bodaboda dakika kumi baadaye, kwa hiyo kuanzia hapa anasema alichokiona kwa macho: moto ukiwa upande wa meza ya pasi na rafu za vitambaa, dari imeshuka. Ulizimwa kabisa kama saa 4. Kijana aliungua kiganja cha kulia, akatibiwa na kuruhusiwa. Hakuna dai juu yake.

Chanzo

Dk. 5 alisema "ni hitilafu ya umeme." Dk. 17 alisema: "Kijana kaniambia pasi ilibaki kwenye soketi, lakini mwanangu, naye ana hofu, sijui nimwamini lipi." Zote mbili zibaki kwenye faili. Mama alilitoa hilo la pasi bila kuulizwa, na ni haki yake lisomwe hivyo.

Hasara alizotaja, kwa shilingi

Vyerehani viwili vya umeme, 850,000 kila kimoja: 1,700,000
Ovaloki moja: 1,200,000
Majora ya vitambaa 32, 150,000 kila moja: 4,800,000
Sare 60 zilizokwisha shonwa, 25,000 kila moja: 1,500,000
Fedha taslimu kwenye droo: 380,000
Dari na nyaya, kwa makisio ya fundi: 900,000

Jumla yake ni 10,480,000. Yeye alitaja "kama milioni kumi na mbili" (dk. 4). Wakati huo alikuwa anasema majora ni 40, yaani 6,000,000, na kwa hesabu hiyo jumla ingekuwa 11,680,000. Dk. 14 aliyahesabu rafu kwa rafu, akapata 32. Naona tofauti kubwa imetoka hapo; hajaongeza kitu kwa siri.

Vyerehani viwili vya miguu vimelowa tu, hakuvitajia bei. Alisema pia anakosa 60,000 kwa siku, bila kusema kwa siku ngapi, kwa hiyo sikuijumlisha.

Mambo mawili ya umiliki yaangaliwe kwenye hati ya bima. Kitambaa cha zile sare 60 kilinunuliwa na shule. Yeye alipokea malipo ya awali ya ufundi, 400,000. Hiyo 25,000 kwa sare hakueleza kama ni ufundi pekee au pamoja na kitambaa. Dari na nyaya ni mali ya mwenye nyumba.

Vielelezo

Risiti za dukani zimeungua. Muuzaji wake wa jumla Kariakoo ana daftari la mauzo na amekubali kulitoa. Polisi ameripoti asubuhi hiyo na RB anayo; ripoti ya Zimamoto bado. Picha alizopiga usiku ule anazo kwenye simu, nimemwomba asifute hata moja.

Nimemwomba pia asiondoe mabaki. Amekubali, lakini mwenye nyumba anataka kusafisha chumba Jumapili asubuhi, hivyo ukaguzi ufanyike kesho Jumamosi, na pasi na soketi yake vipigwe picha kabla ya kuguswa.