Barua kwa Mama Neema: majani ya mboga na dozi yako ya warfarini

27 Machi 2025

Mama Neema,

Shikamoo. Jana INR yako, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilisoma 1.6, mwezi uliopita ilikuwa 2.9. Kwa valvu ya moyo ya chuma uliyowekewa upande wa mitrali tunataka iwe kati ya 2.5 na 3.5. Vidonge hujaruka. Kilichobadilika ni chungu: tangu Kwaresima ianze tarehe 5 umeacha nyama, na kisamvu au matembele yapo mezani kila siku.

Ini hutumia vitamini K kutengeneza viini vinavyogandisha damu. Warfarini huzuia vitamini hiyo isitumike tena na tena mwilini. Majani ya kijani kibichi yamejaa vitamini K, hivyo ukiyala kwa wingi ghafla, ini linapata akiba mpya na dawa inazidiwa. Damu inaanza kuganda kirahisi, hata kwenye valvu.

Sasa usikimbilie kuyaacha. Watu wengi huambiwa "mboga za majani marufuku", na hapo ndipo tunapopata shida zaidi. Daktari amekuongezea dozi: kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku, isipokuwa Jumanne na Ijumaa kimoja na nusu. Dozi hiyo imepimwa kwa mboga unazokula sasa. Pasaka ikifika tarehe 20 Aprili, ukarudia nyama na kabichi (ambayo ina vitamini K kidogo kuliko matembele), dozi itakuwa kubwa mno na INR itapanda. Athari haionekani siku hiyohiyo. Huchukua siku kadhaa, ndiyo maana mtu hujiona mzima huku damu imeshakuwa nyepesi kupita kiasi.

Kwa hiyo endelea na kiasi chako cha sasa, bakuli dogo moja kwa siku. Pima mboga zikishaiva, maana fungu zima la mchicha likipikwa hubaki viganja viwili tu. Kubadilisha mchicha kwa matembele au majani ya maboga si neno. Unga wa mlonge usianze bila kutuambia. Ukitaka kupunguza mboga baada ya Pasaka, tupigie kwanza, tupange dozi na kipimo pamoja.

Njoo upime Ijumaa tarehe 4 Aprili, kisha Jumatatu tarehe 28. Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Kesho yake usimeze viwili.

Nenda hospitali mara moja ukipooza upande mmoja, ulimi ukiwa mzito, ukikosa pumzi, au ule mlio wa tik-tik wa valvu ukififia. Vilevile choo kikiwa cheusi kama lami, fizi zikivuja bila kukoma, au kichwa kikiuma vibaya ghafla. Popote utakapotibiwa onyesha kadi yako ya warfarini kabla hawajakuandikia flajili, septrini au diklofenaki.

Mfamasia wako,
Kliniki ya Warfarini