Pweza wa mioyo mitatu

Zawadi alikua na uhakika wa kitu kimoja tu kuhusu ile kanivali ya shule, kwamba hataki kuvaa kitu ambacho nusu ya darasa watakua wamevaa. Mwalimu alisema kila mtu aje na vazi alilolibuni mwenyewe, siku yenyewe ijumaa, na hapo ni jumatatu jioni na hajui hata aanzie wapi. Basi akamuomba mama simu, akamwita kaka yake Idi ampige picha amesimama karibu na dirisha, mwili mzima, mikono imeachana kidogo na mbavu, nywele kazibana nyuma. Anataka ajivalishe kwenye picha kwanza kabla hajamsumbua mama na sindano.

Kwenye simu kulikua na epu ya kuchora ambayo ina leya, yani picha yako inabaki chini, mchoro unakaa juu yake, usipoupenda unaufuta wenyewe na wewe unabaki vilevile. Zawadi aliipenda sana hiyo, maana angeweza kukosea atakavyo.

Akaanza na umalkia. Gauni refu, taji, mkufu mkubwa. Akaangalia akaona gauni zuri kweli ila yeye mwenyewe humo ndani hayupo, akafuta.

Halafu akajifanya mwanaanga, kwasababu alishawahi kusoma habari za Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1963, alizunguka dunia mara 48 akiwa peke yake kwenye chombo. Hilo la peke yake lilimkaa sana kichwani. Akachora suti ya rangi ya chungwa na kofia ya duara, ila kofia ikaziba uso wote, akaifanya iwe nyepesi kama maji mpaka macho yakaonekana, bado kuna kitu hakijakaa sawa. Akakodoa macho weee ndo akagundua, mwanga wa dirisha unatokea kushoto na yeye mng'ao wa kioo kauweka kulia! Akauhamisha, hapo hapo kofia ikawa kama kaivaa kweli. Akaisevu.

Kipepeo hakikuchukua muda, mabawa yalitoka mpaka nje ya picha na Idi akauliza mlangoni utapitaje.

Usiku kitandani ndo likaja wazo la pweza. Kesho yake akaichukua picha ileile, akajiongezea mikono sita, yake miwili ikatimiza minane, zambarau, ina vile viduara vya kunatia kwa chini. Kifuani akaweka mioyo mitatu, maana pweza anayo mitatu kweli, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili mzima. Na damu yake ni ya bluu, kwahiyo mioyo akaipaka bluu. Akacheka peke yake. Uso wake ulikua wazi, anaonekana ni Zawadi, lakini ni pweza.

"Dada, mbona picha zote umesimama tu?" Idi akasema. "Si mtakua mnatembea na kucheza?"

Kwakweli mtoto yule anaona mbali. Zawadi akampa simu tena, akapigwa picha kakaa kwenye kiti, nyingine kanyoosha mikono juu, akajivalisha upya. Mwanaanga kwenye kiti akawa hageuzi shingo. Pweza naye alipoinua mikono, ile sita ikabaki inaning'inia kama nguo kwenye kamba, imekufa kabisa. Akafikiri, akachora uzi kutoka mkono wake mpaka mkono wa pili, mpaka wa tatu, mpaka wa nne, kila upande. Kwenye picha sasa akiinua wake yote inapanda.

Akampelekea mama picha zote. Mama akazitazama moja moja bila haraka, akauliza, "Huu uzi unafungwa wapi, kwenye kiwiko au kwenye kifundo cha mkono?" Zawadi alifurahi hadi akasahau kujibu.

Wakashona kwa fulana za zamani, wakajaza vitambaa. Zambarau ikaisha, mikono miwili ikawa ya kijivu. Uzi ukafungwa kwenye kifundo.

Ijumaa kwenye msafara mtoto mmoja wa darasa la kwanza akamshika mkono wa kijivu, anauliza mbona mioyo mitatu. Zawadi akamwelezea, akaongeza kwamba pweza akiogelea ule moyo wa mwili mzima unasimama, ndo maana anapenda kutambaa.

"Kwahiyo usikimbie," mtoto akamwambia, akaanza kutembea taratibuuu pembeni yake, wa nyuma nao wakapunguza mwendo, na mwalimu kule mbele anapiga kelele nyie mbona mstari umekatika, songeni!