Maharage ya kwenye chupa: nilikosea

(Jikoni. Chupa ya chai iko mezani. Hakuna muziki.)

Habari zenu. Wiki tatu zilizopita niliwafundisha kupika maharage mekundu kwa kubana gesi: yaoshe, yatie kwenye chupa ya chai, mimina maji ya moto, funga, asubuhi yameiva. Nilikosea, na kosa lenyewe ni la hatari.

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, inaitwa lektini. Inakufa kwa kuchemka hasa, maji yakitokota. Ndani ya chupa maji yanapoa polepole. Harage linalainika, ukilibonyeza kwa vidole linapondeka, unaamini limeiva, kumbe sumu imo. Saa chache baada ya kula, mtu anatapika na kuharisha.

Ndivyo ilivyomkuta dada mmoja anayefuatilia chaneli hii. Alikula na wanawe wawili, wakakesha wanatapika. Akaja kuandika chini ya video: "Dada, yametuumiza. Waambie watu wachemshe kwanza."

Komenti ile niliifuta.

Video ilikuwa inatazamwa sana, nikajiambia labda walikula kitu kingine. Sikumuuliza. Ikakaa hewani siku nne zaidi, na kila aliyeipika siku hizo angeweza kuokolewa na maneno yake. Kutojua habari za lektini ni kosa moja. Kumnyamazisha aliyejua ni kosa kubwa zaidi, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Nimempigia simu na kumwomba radhi kabla ya kuwasha kamera hii. Wanawe wamepona. Gharama za zahanati nimemrudishia. Ameniruhusu niyaseme haya bila kumtaja jina. Kwenu nyote mlioniamini: samahani.

Video nimeiondoa, ila najua inazunguka kwenye magrupu ya wasapu. Ukiiona huko, tafadhali weka na hii.

Njia sahihi ni hii. Loweka maharage saa 5 au zaidi. Usiku kucha ni bora. Maji ya kulowekea mwaga yote. Weka maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30, ndipo upunguze moto, uendelee mpaka yaive. Gesi utaiokoa kwenye kule kuloweka, maana yaliyolowekwa huiva upesi.

Kuanzia leo, pishi lolote lenye jambo la usalama nitaliuliza kwa mtaalamu wa lishe kabla ya kulirekodi. Na komenti ya kunikosoa haitafutwa.

Kama mlipika kwa njia yangu mkaumwa, niandikieni, nitajibu mwenyewe. Anayeendelea kutapika aende hospitali, asisubiri jibu langu.

(Anaivuta chupa, anaifungua.)

Na kama umeyafunga usiku huu kwa kunifuata mimi, usiyaonje. Yamwage.