Kadi ya Kusoma Uwiano wa Kihasibu: Ukipanda, Ukishuka

Wenzangu wa kundi, huu ndio mhadhara wa Jumanne, nimeubana ukae kwenye kadi moja. Kanuni tunazijua, kinachotuangusha ni pale swali linaposema "toa maoni". Mfano ni duka la vifaa vya ujenzi la kwenye zoezi, tarakimu ni milioni za shilingi.

Ukwasi wa jumla (mali za muda mfupi ÷ madeni ya muda mfupi): 48 ÷ 20 = 2.4
Juu: madeni ya karibuni yanalipika, au pesa imelala ghalani. Chini ya 1: madeni yanayoiva ndani ya mwaka yamezidi mali za kuyalipia. Supamaketi isikutishe: inauza taslimu leo na kumlipa msambazaji baadaye, kwa hiyo uwiano mdogo si lazima uwe ugonjwa.

Ukwasi wa haraka (toa bidhaa kwanza): (48 − 36) ÷ 20 = 0.6
Hapa ndipo ile 2.4 inapoumbuka. Wadai wakibisha hodi wote leo, droo ina 3 tu. 9 nyingine ziko kwa wateja waliokopa. Ukiandika "duka lina ukwasi mzuri" bila kufika mstari huu, umepoteza alama.

Mzunguko wa bidhaa (gharama ya mauzo ÷ bidhaa): 90 ÷ 36 = mara 2.5, yaani siku 146
Juu: bidhaa zinatoka, ila ukizidi mno huenda rafu ni tupu na mteja anahamia duka la jirani. Chini: mzigo umedoda. Siku 146 kwa misumari zinavumilika. Kwa saruji, ambayo ikikaa miezi mitatu huanza kupungua nguvu na mifuko kushika mabonge, ni hasara inayosubiri kuandikwa. Daima uliza ni bidhaa gani.

Siku za wadaiwa: wadaiwa 9 ÷ mauzo ya mkopo 36.5 × 365 = 90
Nyingi: ukusanyaji umelegea, madeni mabaya yananukia. Chache: ukusanyaji mzuri, au masharti makali yanayofukuza wateja.

Siku za wadai: wadai 20 ÷ manunuzi ya mkopo 73 × 365 = 100
Nyingi: unatumia pesa za msambazaji bila riba, au umeshindwa kulipa. Jumlisha: 146 + 90 − 100 = siku 136 tangu pesa itoke mpaka irudi.

Faida ghafi kwa mauzo: 30 ÷ 120 = 25%
Ikishuka, tazama bei ya kununulia, punguzo na wizi. Ikibaki palepale huku faida halisi ikishuka, tatizo liko kwenye matumizi: kodi ya pango, mishahara, riba.

Faida kwa mtaji wa wenyewe
Juu: mtaji unazalisha, au mtaji ni mdogo kwa sababu mkopo ni mkubwa. Angalia faida kabla ya riba na kodi ÷ riba. Ikikaribia 1, benki ndiyo inayokula faida yote.